Sura ya 6: Njia ya Kosa Kurudi Nyuma

Kati ya Diani na Msambweni kuna ghuba ya Gazi, na katika ghuba hiyo kuna hekta 117 za mikoko ambazo tangu 2013 zimo katika mradi wa Mikoko Pamoja. Wanakijiji wa Gazi na Makongeni huulinda msitu, kaboni inayohifadhiwa na miti na matope huuzwa kwa kufuata kanuni za Plan Vivo, na pesa hurudi vijijini kwa ajili ya maji, shule na mahitaji mengine. Anayenunua kaboni hataki hadithi. Anataka kujua kama miti bado imesimama. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya huipiga picha pwani hii mara kwa mara, na katika bendi zake zilizo makini zaidi pikseli moja ni mraba wa mita 10 kwa 10. Hekta moja basi ni pikseli 100, na hekta 117 ni pikseli 11,700. Kila moja inauliza swali lilelile: hapa pana mikoko au hapana?

Swali hili ndilo tutakalolibeba katika sura nzima. Tarakimu za unyevu nitakazotumia ni za darasani, nimezipunguza ili hesabu ifanyike kwa kalamu. Tatizo lenyewe ni la kweli, na lina ugumu unaoonyesha vizuri kwa nini mtandao wa nyuroni unahitaji fanksheni amilishi, na kwa nini fanksheni iliyotawala kwa zaidi ya miaka 20 ilikuja kuachwa.

Bendi moja ya setilaiti, ile ya infraredi ya mawimbi mafupi, hunywewa na maji. Mahali penye maji mengi huonekana peusi, mahali pakavu huonekana peupe. Tuigeuze iwe kipimo cha unyevu kati ya 0 na 1. Shamba la minazi juu kidogo ya Gazi lina unyevu wa 0.2. Msitu wa mikoko, majani juu na matope chini, una 0.5, na hucheza kati ya 0.4 na 0.6 kutegemea maji yamejaa au yametoka. Bahari yenyewe ina 0.9. Mikoko iko katikati basi, si mikavu kama shamba wala si maji matupu.

Nyuroni moja ya bandia hufanya kazi ndogo mno. Huchukua tarakimu zinazoingia, kila moja huizidisha kwa uzito wake, huzijumlisha, kisha huongeza au kupunguza tarakimu moja isiyobadilika. Ukiichora kazi hiyo kwenye karatasi unapata mstari ulionyooka. Ama unapanda kadiri unyevu unavyoongezeka, ama unashuka. Mstari kama huo hauwezi kusema "katikati". Ukiupandisha ili mikoko ipate alama kubwa kuliko minazi, bahari itapata alama kubwa zaidi kuliko yote. Ukiushusha, minazi itashinda.

Mtu husema: basi ongeza nyuroni. Tuongeze mbili. Ya kwanza inatoa 0.3 kutoka kwenye unyevu, ya pili inatoa 0.5. Nyuroni ya mwisho inachukua jibu la kwanza na kuliondolea mara mbili ya jibu la pili. Kwa minazi, ya kwanza inatoa −0.1 na ya pili −0.3, jumla 0.5. Kwa mikoko ya 0.5 tunapata 0.2 na 0, jumla 0.2. Kwa bahari tunapata 0.6 na 0.4, jumla −0.2. Minazi ndiyo imekuwa mikoko kuliko mikoko yenyewe! Fungua mabano uone kilichotokea: (x − 0.3) − 2(x − 0.5) ni sawa na −x + 0.7. Nyuroni tatu zimekunjamana zikawa mstari mmoja ulionyooka. Ongeza matabaka 50 ya namna hii, matokeo hayatabadilika. Mstari juu ya mstari ni mstari.

Sasa tufanye badiliko moja tu. Kila nyuroni ya ndani ikipata jibu lililo chini ya sifuri, itoe sifuri. Likiwa juu ya sifuri, ilitoe kama lilivyo. Kwa minazi nyuroni zote mbili hunyamaza, jumla 0. Kwa mikoko ya 0.4, ya kwanza hutoa 0.1 na ya pili hunyamaza, jumla 0.1. Kwa mikoko ya 0.5 jumla ni 0.2. Kwa ile ya 0.6 ni 0.3 kutoa 0.2, yaani 0.1. Kwa bahari ni 0.6 kutoa 0.8, yaani −0.2. Weka sharti kwamba chochote kinachozidi 0.05 ni mikoko, na kazi imekwisha. Tumechora kilima chenye kilele pale mikoko ilipo, kwa kuunganisha mistari miwili iliyovunjwa.

Sheria hiyo fupi ndiyo fanksheni amilishi, na hii tuliyoitumia ndiyo ReLU:

```
ReLU(x) = max(0, x)
```

Chochote kinachouvunja mstari kingefaa kwa kazi tuliyoifanya hapo juu. Hapa wengi huteleza. Husoma kwamba ReLU ilishinda, wakadhani ilishinda kwa kuchora maumbo mazuri zaidi. Sigmoidi, fanksheni iliyotawala kabla yake, ingechora kilima chetu vilevile, tena kikiwa laini kisicho na kona. Nyuroni moja kwa moja, ReLU ndiyo iliyo maskini. Ushindi wake haukutokana na kile mtandao unachoweza kuchora. Ulitokana na jinsi mtandao unavyojifunza kuchora, na hasa na safari ya kosa kutoka mwisho wa mtandao kurudi mwanzo.

Nyuroni bandia ya kwanza, ile ya Warren McCulloch na Walter Pitts ya 1943, ilikuwa na ngazi moja kali: jumla ikifika kiwango fulani, toa 1, isipofika, toa 0. Frank Rosenblatt mwishoni mwa miaka ya 1950 alitumia ngazi ya namna hiyo katika mashine yake ya kutambua maumbo. Ngazi hiyo ina ubaya mmoja mkubwa. Ukiusogeza uzito kidogo, jibu halibadiliki hata chembe, hadi ghafla liruke lote. Mtandao unaojifunza huuliza kila uzito swali hili: nikikuongeza kidogo, kosa litapungua kwa kiasi gani? Kwenye ngazi kali jibu karibu daima ni sifuri. Hakuna mteremko wa kuonyesha upande wa kwenda.

Sigmoidi ni ngazi hiyo iliyolainishwa:

```
σ(x) = 1 / (1 + e^(-x))
```

Jumla ikiwa ndogo sana inatoa karibu 0, ikiwa kubwa sana inatoa karibu 1, na kwenye 0 inatoa 0.5. Katikati inapanda polepole kama herufi S iliyovutwa. Pierre-François Verhulst wa Ubelgiji aliichora katika karne ya 19 alipokuwa akieleza idadi ya watu inavyoongezeka kwa kasi kisha ikafika ukomo. Mwaka 1986 David Rumelhart, Geoffrey Hinton na Ronald Williams walipochapisha katika jarida la Nature njia ya kufundisha mitandao ya matabaka kwa kurudisha kosa nyuma, sigmoidi ndiyo waliyoitumia. Ilikuwa na kila kitu ambacho mtu wa wakati ule angetaka. Ilikuwa laini, ilikuwa na ukomo pande zote mbili, na ilifanana na nyuroni ya mnyama ambayo ama imetulia ama imewaka. Kuna vitu hudumu kwa sababu vinapendeza machoni, na nadhani sigmoidi ilidumu kwa sehemu kwa sababu hiyo.

Tuufundishe sasa mtandao wenye matabaka 8 kwa picha ya Gazi. Tunaupa pikseli moja iliyo ukingoni mwa bahari, mahali pa mlilana. Mlilana huota mbele kabisa kuliko mikoko mingine, na picha ikipigwa wakati wa bamvua maji yamejaa, miti hiyo huwa imezama magotini. Unyevu wake unakaribia ule wa bahari. Mtandao unasema uwezekano wa kuwa mikoko ni 0.2. Jibu sahihi, lililoandikwa na mtu aliyefika pale kwa miguu, ni 1. Kosa ni 0.8.

Kosa hilo lina kazi. Linapaswa kurudi tabaka kwa tabaka likiuambia kila uzito unahusika kiasi gani. Katika kila tabaka linalovuka, linazidishwa kwa vitu viwili: uzito wa njia linayopita, na mteremko wa fanksheni amilishi pale nyuroni iliposimama wakati ikitoa jibu. Hakuna siri nyingine. Kila kitu kinachofuata kinatoka kwenye kuzidisha huku.

Mteremko wa sigmoidi una hesabu nzuri. Ni jibu lake lenyewe likizidishwa kwa kilichobaki kufika 1. Nyuroni iliyotoa 0.5 ina mteremko wa 0.5 mara 0.5, yaani 0.25. Hapo ndipo pa juu kabisa, haizidi. Nyuroni ambayo jumla yake ilikuwa 2 inatoa 0.88, na mteremko wake ni 0.105. Jumla ikiwa 5, inatoa 0.993, na mteremko umebaki 0.0066. Mbali zaidi kutoka katikati, mstari umelala na hakuna mteremko wa kuonyesha.

Chukua hali iliyo bora kuliko zote, kila nyuroni imesimama katikati kabisa na kila uzito ni 1. Kosa letu la 0.8 likivuka tabaka moja linakuwa 0.2. La pili, 0.05. La tatu, 0.0125. La tano, chini ya 0.001. Likivuka la nane limebaki 0.000012. Ni kama mgeni wa hoteli ya Diani anayelipa shilingi 1,000 za safari ya mashua kwenda Kisite, pesa zikapita kwa madalali watano, na kila mmoja akabaki na robo tatu: nahodha kule Shimoni anaona chini ya shilingi moja. Ni mikono tu imekuwa mingi.

Na tabaka linalopata chenji hizo ndilo linaloitazama picha yenyewe. Hilo la kwanza ndilo lingepaswa kujifunza kwamba ukijani ukichanganyika na unyevu fulani ni dalili ya jani juu ya maji. Kama tunausogeza kila uzito kwa moja ya mia ya ujumbe unaoufikia, uzito wa tabaka la kwanza utasogea kwa takriban 0.0000001. Ulianza na tarakimu za kubahatisha, na utabaki nazo. Matabaka ya juu, yanayopata ujumbe wenye nguvu, hujifunza kwa bidii juu ya takataka yanazoletewa kutoka chini.

Dalili yake ni rahisi kuitambua ukishaiona mara moja. Kosa la jumla hushuka kidogo mwanzoni, kisha mstari wake hulala. Ukiuuliza mtandao kuhusu pikseli mbalimbali, hutoa jibu moja kwa zote. Kama katika picha za mafunzo pikseli 10 kati ya 100 ni mikoko, utaambiwa 0.1 kwa minazi, 0.1 kwa bahari na 0.1 kwa mlilana. Umejifunza wastani na ukaishia hapo. Uhakika zaidi unapatikana kwa kupima ujumbe unaofika katika kila tabaka baada ya kosa kurudishwa. Kwa watumiaji wa PyTorch ni mistari mitatu:

```python
hasara.backward()
for jina, p in mtandao.named_parameters():
    print(jina, p.grad.norm().item())
```

Tarakimu zikishuka mara kumi au mia kila unapokaribia mwanzo wa mtandao, tatizo umelipata.

Msomaji makini atauliza kwa nini tusiupandishe uzito. Kama mteremko ni 0.25, uzito wa 4 ungeufidia, robo mara nne ni moja. Swali hili ni zuri na jibu lake ndilo linaloonyesha mtego ulivyo. Uzito huohuo ndio unaotumika mtandao unapokwenda mbele. Ukiufanya kuwa 4, jumla zinazoingia katika nyuroni nazo zinakua, zinaondoka katikati na kwenda kwenye sehemu zilizolala, ambako mteremko si 0.25 tena bali 0.01 au pungufu. Unapandisha mkono mmoja wa kuzidisha na wa pili unaporomoka. Ndani ya sigmoidi vitu hivyo viwili vimefungwa pamoja, na nafasi ya kuvisawazisha ni nyembamba sana.

Sepp Hochreiter aliyaeleza haya mwaka 1991 katika tasnifu yake ya chuo mjini Munich, akiandika kwa Kijerumani, na kwa miaka kadhaa wachache waliisoma. Yoshua Bengio na wenzake wakalionyesha tatizo hilohilo mwaka 1994 kwa mitandao inayosoma mfuatano. Watu walijua basi. Walichofanya ni kulizunguka. Wengi walibaki na mitandao ya tabaka moja au mawili ya ndani. Wengine walitumia ndugu wa sigmoidi, tanh, ambaye hutoa kati ya −1 na 1 na mteremko wake katikati hufika 1. Tanh alisaidia kweli, ila naye amelala pande zote mbili. Mwaka 2006 Hinton na wenzake walionyesha kwamba mtandao mrefu unaweza kufundishwa ukianza na tabaka moja peke yake, ukaliacha, ukafundisha la juu yake, na kuendelea hivyo kabla ya mafunzo ya pamoja. Ilifanya kazi, na ilichosha.

ReLU yenyewe haikuwa ngeni. Kunihiko Fukushima wa Japani alikuwa ameitumia tangu 1969. Lakini ilionekana ina kasoro tatu za aibu. Ina kona pale kwenye sifuri, ambapo mteremko haujulikani. Haina ukomo juu. Na nusu yake nzima imelala kabisa. Mtu aliyefundishwa hesabu vizuri aliiangalia na kupita. Vinod Nair na Hinton waliirudisha mezani mwaka 2010. Mwaka uliofuata Xavier Glorot, Antoine Bordes na Bengio walionyesha kwamba mitandao mirefu yenye ReLU hufika vizuri bila yale mafunzo ya tabaka mojamoja, mradi mifano iliyo na majibu iwe mingi. Kisha ikaja 2012, na mtandao wa Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Hinton ulioshinda shindano la kutambua picha la ImageNet: matabaka 8 yenye uzito, tarakimu takriban milioni 60 za kujifunza, kadi mbili za michoro zilizofanya kazi siku 5 hadi 6. Kosa lao lilikuwa asilimia 15.3, na aliyewafuata alikuwa na 26.2. Katika maelezo yao waliweka jaribio dogo la pembeni: mtandao wa matabaka manne wenye ReLU ulifika kiwango kilekile cha kosa mara sita haraka kuliko ule wenye tanh. Kwangu, jaribio hilo dogo linafundisha zaidi ya kombe lenyewe.

Rudi kwenye mlilana wetu uone sababu. Mteremko wa ReLU ni 1 kwa nyuroni iliyosema kitu, na 0 kwa iliyonyamaza. Hakuna robo, hakuna sehemu ya mia. Kosa la 0.8 likipita kwenye njia ya nyuroni zilizo hai, uzito ukiwa 1, linavuka matabaka yote 8 na kufika mwanzoni likiwa 0.8. Uzito wa tabaka la kwanza unasogea kwa 0.008. Na ule mfungo wa sigmoidi umekatika: nyuroni ikitoa 0.3 au 30, mteremko wake ni uleule. Ukuaji wa jumla hauufanyi ujumbe ufifie.

Kona iliyowatia watu hofu haikuleta shida. Jumla kuangukia sifuri kamili, bila kupungua wala kuzidi, ni jambo adimu, na ikitokea programu huhesabu mteremko kuwa 0 na kuendelea. Kuhusu nusu iliyolala, inageuka kuwa na manufaa. Kwa pikseli ya minazi, nyuroni zinazohusu maji hunyamaza kabisa, na kosa la minazi halizigusi. Kila pikseli huamsha njia zake, na katika njia hizo hesabu ni ya mistari iliyonyooka, kitu ambacho kompyuta inakipenda. Kulinganisha tarakimu na sifuri nako ni kazi rahisi kuliko kukokotoa `e^(-x)`, ingawa faida hiyo hutajwa kupita kiasi. Sigmoidi ingeachwa hata kama ingekuwa bure.

Lililobaki kusawazishwa ni uzito wa kuanzia, kwa sababu kosa bado linazidishwa kwa uzito katika kila tabaka, na uzito mdogo au mkubwa mno bado unaweza kulizima au kulilipua. Kaiming He na wenzake waliiweka sawa hesabu hiyo mwaka 2015. Kwa vile nusu hivi ya nyuroni za ReLU hunyamaza mwanzoni, nguvu ya ishara ingepungua nusu kwa kila tabaka, kwa hiyo tarakimu za kubahatisha za kuanzia zinapaswa kutawanyika zaidi kidogo ili kufidia. Programu nyingi za sasa zina kanuni hiyo tayari, ila si zote huichagua zenyewe.

ReLU ina ugonjwa wake, na Sentinel-2 inautoa waziwazi. Picha zake zilizotolewa kabla ya 2022 hazikuhifadhi uakisi wa mwanga kama 0.3. Zilihifadhi tarakimu nzima, uakisi ukizidishwa kwa 10,000, yaani 3,000. Anayeanza husahau kugawanya. Tuone linalotokea. Nyuroni ya ndani ina uzito wa 0.5, pikseli ya minazi inaingia ikiwa na 3,000, nyuroni inatoa 1,500. Mtandao unasema hapa ni mikoko kwa uhakika wa 0.8 ilhali jibu ni 0. Kosa la 0.8 linarudi salama, kwa maana ReLU hailipunguzi, na kufikia uzito huo linazidishwa kwa kilichoingia: 0.8 mara 3,000 ni 2,400. Tunasogea kwa moja ya mia, hatua ya 24. Uzito uliokuwa 0.5 sasa ni −23.5.

Uakisi wa ardhi daima ni chanya. Kuanzia hapo kila pikseli, ya Gazi au ya Vanga, ikizidishwa kwa −23.5 inatoa jumla iliyo chini ya sifuri. Nyuroni inanyamaza kwa zote. Ikinyamaza mteremko wake ni 0, na mteremko ukiwa 0 hakuna kosa linaloufikia uzito ule kuurekebisha. Nyuroni imekufa, na wanaofanya kazi hii husema hivyohivyo: imekufa. Ungegawanya kwanza, kilichoingia kingekuwa 0.3, ujumbe 0.24, hatua 0.0024, na uzito ungetoka 0.5 kwenda 0.4976. Sigmoidi isingepona katika hali ya kwanza pia: jumla ya 1,500 ingeipeleka kwenye sehemu iliyolala tangu pikseli ya kwanza. Ila ingekwama kimya mahali ilipo, wakati ReLU hujiua kwa hatua moja kubwa.

Vifo hivi hupimwa. Pitisha pikseli elfu kadhaa, chukua majibu ya tabaka moja, uone ni sehemu gani ya nyuroni iliyotoa sifuri kwa pikseli zote bila ubaguzi:

```python
zimekufa = (h == 0).all(dim=0).float().mean()
```

Nyuroni kunyamaza kwa baadhi ya pikseli ni uzima. Kunyamaza kwa zote ndiko kufa. Sehemu ndogo ikifa mtandao hauathiriki sana. Robo au nusu ya tabaka ikifa, kwanza angalia vipimo vya data, kisha punguza ukubwa wa hatua, na hapo ndipo uifikirie fanksheni yenyewe. Kuna ReLU inayovuja, iliyotokea 2013, ambayo chini ya sifuri haitoi sifuri bali sehemu ndogo ya kilichoingia, mathalani moja ya mia, ili njia ya kurudi isifungwe kabisa. Kuna GELU ya 2016, iliyopinda taratibu pale ReLU ilipo na kona, ambayo mitandao mingi ya lugha imeipendelea. Ukizichora zote kwenye karatasi moja utaona zinafanana katika jambo moja: upande wa kulia zinapanda kwa mteremko wa karibu 1 na hazilali.

Sigmoidi haijafukuzwa nyumbani. Imehamia mlangoni. Tabaka la mwisho la mtandao wetu linatakiwa kutoa uwezekano, tarakimu kati ya 0 na 1, na kwa hilo ReLU haifai. Ingeweza kusema 7, nasi tusingejua 7 ni uwezekano wa namna gani. Sigmoidi pale ndipo pake. Mtu atasema: si italala na kulizima kosa tangu hatua ya kwanza? Ingelala, kama kosa lingepimwa kwa kutoa jibu moja kutoka kwa jingine na kupiga mraba. Lakini kwa maswali ya ndiyo au hapana, kosa hupimwa kwa logi ya uwezekano uliotolewa kwa jibu sahihi. Ukikokotoa mteremko wa logi hiyo pamoja na ule wa sigmoidi, mteremko wa sigmoidi unajifuta, na kinachobaki ni tofauti tupu: uwezekano uliotabiriwa kutoa jibu sahihi. Pikseli ya bahari iliyopewa 0.99 kuwa mikoko inarudisha kosa la 0.99, zima, ingawa sigmoidi yenyewe pale mteremko wake ni chini ya 0.01. Kadiri mtandao unavyokosea kwa kujiamini, ndivyo unavyosahihishwa kwa nguvu.

Kujifuta huko hutokea mara moja tu, pale mlangoni, ambapo kosa linapimwa. Ndani hakuna logi ya kuuokoa mteremko, na ndiyo maana mpangilio uliozoeleka leo kwa kazi kama ya Gazi ni ReLU katika matabaka yote ya ndani na sigmoidi moja mwishoni. Aliye na ujuzi wa kutosha kuhusu tarakimu zake atabaki na uamuzi mmoja ambao fanksheni haziwezi kumfanyia: ni kuanzia uwezekano gani pikseli ihesabiwe kuwa mikoko. Akiweka 0.5, mililana iliyozama wakati wa bamvua huenda ikapotea katika hesabu. Akishusha hadi 0.3 ataipata, pamoja na maji kadhaa yasiyo na mti. Kwa mradi unaouza kaboni, kosa la pili ni ghali kuliko la kwanza.